Kumthibitisha, kumwongezea muda au kumwachisha: kufunga kipindi cha majaribio kwa sheria ya Uganda

Ninashughulikia mambo ya wafanyakazi katika kampuni ya malori hapa Kampala. Madereva wetu wanatoka Busia, Arua, Bwera, wengine wamevuka kutoka Kongo, na kazi yote kuanzia getini hadi gereji inaendeshwa kwa Kiswahili. Nitaeleza tathmini moja niliyofanya mwaka 2025, ya mtunza stoo ya vipuri, kwa sababu ilikuwa ngumu kuamua na nusura niiharibu mwenyewe.

Hatua ya 1: Soma mkataba, kisha hesabu siku kwa kurudi nyuma

Kabla ya kufikiria mtu anafanya kazi vipi, fungua faili lake. Kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, mkataba wa majaribio ni ule ulioandikwa, unaotamka waziwazi kwamba ni wa majaribio, na usiozidi miezi 6. Kama mlikubaliana kwa mdomo tu kwamba "tutakuangalia kwanza", huna kipindi cha majaribio. Una mfanyakazi wa kawaida, na taratibu za kumwachisha ni zile za kawaida.

Mtunza stoo wetu alianza tarehe 3 Machi, kwa hiyo miezi 6 ilikuwa inaisha tarehe 2 Septemba. Anayetaka kusitisha mkataba wa majaribio, awe mwajiri au mfanyakazi, hutoa notisi isiyopungua siku 14. Nikirudi nyuma siku 14, barua ya kumwachisha ingebidi awe nayo mkononi tarehe 19 Agosti. Meneja anahitaji kama wiki moja ya kuamua, hivyo uamuzi niliupangia tarehe 12. Nikarudi nyuma wiki nyingine, kikao kikaangukia tarehe 5 Agosti. Tarehe hizi ziandike siku ileile mtu anapoanza kazi. Ukisubiri mwezi wa sita wa kazi uishe ndipo ushtuke, utakuta mtu anaendelea kuja kazini bila barua yoyote, na mkienda kwa afisa wa kazi wa wilaya, mfanyakazi atakuwa na hoja nzuri kwamba mlishamkubali.

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Tathmini ya katikati niliiweka tarehe 3 Juni bila kuangalia kalenda, na hiyo ni Siku ya Mashahidi wa Uganda. Nusu ya ofisi ilikuwa imekwenda kuhiji Namugongo. Nikasema tutaifanya wiki inayofuata, wiki ikapita, nikasahau. Kwa hiyo huyu kijana alifika mwezi wake wa tano kazini bila mtu kumkalisha chini na kumwambia kazi yake inakwenda vipi.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi, usikusanye maoni

Msimamizi wake alikuwa ameshaamua. "Mkubwa, huyo aende. Stoo haijawahi kukaa sawa tangu aje." Sikubishana naye. Nilimwomba karatasi za hesabu. Kila Ijumaa vipuri vilivyo kwenye rafu huhesabiwa na kulinganishwa na kadi za stoo. Ukiondoa Ijumaa Kuu na Ijumaa ya Idd mwezi wa Juni, tulikuwa na hesabu 20. Katika hizo, 11 hazikulingana.

Kumi na moja kati ya ishirini ni nyingi, na mtu mwenye haraka angesaini barua hapohapo. Lakini idadi peke yake haisemi nani alikosea. Nikazichukua zile 11 moja moja, nikaenda gereji kutazama kadi za kazi, zile ambazo fundi huandika kipuri alichofunga, lori gani, siku gani. Saba zilijieleza zenyewe: kipuri kilichopungua stoo kilikuwa kimefungwa kwenye lori siku ya Jumamosi, na hakukuwa na hati ya kutolea mali. Jumamosi mtunza stoo hutoka saa sita mchana. Funguo ya pili anayo msimamizi.

Nne zilizobaki zilikuwa za kijana mwenyewe. Tuna filta za oili za aina mbili ambazo namba zake zinatofautiana tarakimu ya mwisho tu. Alikuwa anapokea za aina moja na kuziandika kwenye kadi ya nyingine. Tatu kati ya makosa hayo manne zilitokea baada ya Juni, kwa hiyo sikuweza kusema ni ugeni wa kazi.

Fanya hivi kwa kazi yoyote: usiishie kwenye jumla, fuata kila kosa hadi lilipozaliwa. Mara nyingi makosa hugawanyika mafungu mawili, yale ya mtu na yale ya mfumo aliowekwa ndani yake.

Hatua ya 3: Kikao

Mpe mfanyakazi taarifa ya maandishi siku kadhaa kabla, pamoja na karatasi mtakazozizungumzia. Mimi nilimpa siku 4. Kaeni ndani ya ofisi, wala si dirishani pa stoo ambapo mafundi wanapanga foleni. Awepo msimamizi, na awepo mtu wa tatu wa kuandika.

Anza kwa kumwachia aseme. Nilimuuliza, "Ndugu yangu, ukitazama hizi Ijumaa 11, wewe unaonaje?" Alinyamaza, akamtazama msimamizi, kisha akasema polepole: "Jumatatu nikifika nakuta vitu vimetoka. Nikiuliza naambiwa nijaze hati. Siwezi kujaza hati ya kitu ambacho sikukitoa." Filta hakuzikana. Alisema hakuwahi kujua kwamba ni aina mbili hadi alipoonyeshwa makaratasi yangu.

Msimamizi alikasirika, lakini kadi za gereji zilikuwa mezani. Usimgeuzie msimamizi kesi mbele ya mfanyakazi wake. Yeye nilizungumza naye baadaye, peke yetu. Mwishoni muhtasari ukasomwa kwa sauti, wote wakasaini. Kama mfanyakazi hakubali sehemu fulani, aandike hivyo kwa mkono wake kisha asaini.

Hatua ya 4: Amua

Kumthibitisha ni rahisi kama kazi inatosheleza, na sitakaa hapo. Msimthibitishe mtu kwa huruma tu.

Kumwongezea muda ni hatua ambayo watu huitumia vibaya, kama njia ya kukwepa kuamua. Mimi hujiuliza swali moja: ni kitu gani kitakachobadilika katika muda huo wa ziada? Kama siwezi kukitaja, naamua leo. Kwa mtunza stoo niliweza kutaja viwili. Funguo ya Jumamosi ingeondolewa kwa msimamizi, na kijana angefundishwa namba za filta na rafu zake zingetenganishwa. Baada ya hapo, kosa lolote litakalobaki ni lake.

Kuna waliosema kwamba kwa vile saba kati ya kumi na moja si zake, tumthibitishe tu. Sikukubali. Yale makosa manne yalikuwa ya kweli, na kwa stoo ya vipuri, filta isiyo sahihi kwenye lori la kwenda Goma ni hasara. Lakini kumwachisha kwa jambo ambalo hakuwahi kuambiwa pia nilikataa, hasa kwa kuwa aliyesahau kumwambia ni mimi.

Sheria inaruhusu kuongeza hadi miezi 6 mingine, kwa sharti kwamba mfanyakazi amekubali. Barua ya mwajiri peke yake haitoshi, lazima saini yake iwepo kabla muda wa kwanza haujaisha. Na msijaribu kumwandikia mkataba mpya wa majaribio mambo yakiharibika: sheria hairuhusu kumweka mtu kwenye majaribio mara ya pili.

Kumwachisha kwa kazi kutofikia kiwango ni kwepesi zaidi katika kipindi hiki, maana ule utaratibu wa kusikilizwa unaowabana waajiri kwa wafanyakazi wengine hautumiki kwa mkataba wa majaribio. Hata hivyo, sababu ikiwa ni wizi au utovu wa nidhamu, mimi huita kikao cha kumsikiliza, kwa sababu doa la namna hiyo humfuata mtu. Na zipo sababu ambazo sheria haizikubali hata siku moja, mimba ikiwemo. Meneja akianza kusema "na huyu karibu atakwenda kujifungua", msimamishe hapohapo.

Badala ya notisi ya siku 14, mwajiri anaweza kulipa mshahara wa siku 7. Kwa mshahara wa shilingi 900,000 kwa mwezi, sisi hugawa kwa 30 na kuzidisha kwa 7, tunapata 210,000. Ongeza siku alizofanya kazi mwezi huo na likizo ambayo hajachukua. Likizo huhesabiwa siku 7 kwa kila miezi 4, kwa hiyo miezi 6 ni siku 10 na nusu. Akiomba cheti cha utumishi, mpe.

Hatua ya 5: Andika barua isiyoacha mwanya

Hii ndiyo barua tuliyompa tarehe 12 Agosti, nikiacha salamu:

*"Kufuatia kikao cha tarehe 5 Agosti 2025, tunapendekeza kipindi chako cha majaribio kiongezwe kuanzia tarehe 3 Septemba hadi tarehe 2 Desemba 2025. Katika muda huo tutatazama mambo mawili: kwamba hakuna kipuri kinachotoka stoo bila hati iliyosainiwa, na kwamba hesabu ya kila Ijumaa inalingana na kadi. Kampuni itakupa mafunzo ya namba za filta kabla ya tarehe 22 Agosti, na funguo ya pili ya stoo itawekwa ofisini. Uamuzi utapewa kwa maandishi kabla au ifikapo tarehe 18 Novemba. Mshahara na masharti mengine hayabadiliki. Kama unakubali nyongeza hii, tafadhali saini hapa chini."*

Angalieni kwamba kampuni nayo imejifunga kwa tarehe. Barua inayomdai mfanyakazi peke yake ni ya upande mmoja, na ukifika mbele ya afisa wa kazi itaonekana hivyo. Tarehe 18 Novemba imetokana na hesabu ileile ya kurudi nyuma siku 14. Alikwenda nayo nyumbani, akasaini kesho yake.

Hadi tarehe 14 Novemba tulikuwa na Ijumaa 11. Ya kwanza haikulingana, filta tena, na aliniambia mwenyewe kabla sijaiona. Kumi zilizofuata zililingana. Tarehe 18 nilimpa barua ya kuthibitishwa, nikaenda kwa msimamizi, ambaye alikuwa amenijia mara tatu akiiomba ile funguo. Bado iko kwenye droo yangu.