Umeng'atwa na mbwa: kuosha kidonda, kuhesabu siku za chanjo na siku za mbwa

Anayeng'atwa na mbwa ana kalenda mbili za kufuata, yake na ya mbwa. Haya yameandikwa kwa watu wa Mbeya, Iringa, Njombe na vijiji vya jirani, ambako kutoka nyumbani hadi penye chanjo kunaweza kuchukua nusu siku. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, ugonjwa huu unazuilika, na kazi inaanzia bombani.

Hatua ya 1: Osha kwa dakika 15, ukitazama saa

Kirusi cha kichaa kimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja. Ndiyo maana sabuni yoyote inafaa, iwe ya mche, ya unga au ya kuogea. Maji yatiririke juu ya kidonda, yasiwe ya kuchovya mguu kwenye beseni, kwa sababu yale mate yanabaki humo humo.

Pasipo na bomba, chukua dumu la lita 20 na jagi la lita moja. Mimina jagi moja taratibu kila baada ya sekunde 45, huku ukipaka sabuni na kuipenyeza ndani ya matundu ya meno. Dumu likiisha, dakika 15 zimetimia. Makete au Njombe asubuhi ya mwezi wa saba maji ni barafu na mtoto hatavumilia, basi yachanganye na ya moto yawe vuguvugu. Watu wengi huosha dakika mbili, damu ikikoma wanaona wamemaliza. Hapo matundu ya ndani hayajaguswa.

Ukimaliza paka ayodini au spiriti. Usipake majivu, mafuta ya taa, pilipili wala unga wa kahawa: vinachubua nyama na kuziba tundu. Usikubali kidonda kishonwe haraka, maana sindano ya nyuzi husukuma mate ndani zaidi. Kikilazimika kushonwa, kwanza kichomwe kingamwili, tutakayoieleza chini. Na kama jeraha limekaa saa kadhaa bila kuoshwa, lioshwe hata hivyo.

Hatua ya 2: Nenda kituoni siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi

Piga simu kwanza kuuliza kama chanjo ipo, kwa kuwa zahanati ya kijiji mara nyingi haina na utaelekezwa kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Ukifika, sema mambo matatu: meno yalitoboa ngozi au yalikwaruza tu, sehemu gani ya mwili, na mbwa yuko wapi sasa. Mbwa akilamba ngozi isiyo na mchubuko, hapo chanjo haihitajiki. Akilamba kidonda kilicho wazi, mdomo au jicho, hilo ni sawa na kung'atwa hadi damu.

Mkwaruzo usiotoa damu unahitaji chanjo. Palipotoboka unahitajika pia kingamwili, yaani dawa inayochomwa ndani na kuzunguka kidonda chenyewe ili ikikabili kirusi pale pale wakati mwili bado haujajitengenezea kinga yake. Inatolewa mara moja, siku ya kwanza ya chanjo. Ikikosekana siku hiyo, bado inaweza kutolewa hadi siku ya 7 tangu chanjo ya kwanza, baada ya hapo haina kazi. Ni adimu, hivyo ulizeni waziwazi, hasa kidonda kikiwa kichwani, shingoni au mikononi, ambako mishipa ya fahamu ni mingi na njia ya kwenda kwenye ubongo ni fupi. Lakini chanjo isisubiri kingamwili.

Chanjo huchomwa begani, na kwa mtoto mdogo pajani upande wa mbele. Kamwe isichomwe makalioni, kwa sababu mafuta ya pale huizuia kufanya kazi. Ikichomwa ndani ya ngozi, sehemu mbili siku moja, utaona kauvimbe kadogo kenye vishimo kama ganda la chungwa. Kasipotokea, mwambie nesi wakati huo huo, kwa sababu dawa imepita chini ya ngozi na inabidi arudie. Mjamzito na anayenyonyesha wanachanjwa kama wengine.

Hatua ya 3: Andika kalenda mbili

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Siku za chanjo huhesabiwa tangu sindano ya kwanza, na siku hiyo inaitwa siku ya 0. Siku za mbwa huhesabiwa tangu alipong'ata.

Chukua mtoto wa miaka 9 wa Rungwe, aliyeng'atwa na mbwa wa jirani Jumatatu tarehe 4 jioni, meno mawili yakazama kwenye shavu la mguu. Ameoshwa usiku, akafika hospitali Jumanne tarehe 5. Hiyo ndiyo siku yake ya 0, akapata kingamwili na chanjo. Kwa ratiba ya ndani ya ngozi, anarudi Ijumaa tarehe 8, siku ya 3, na Jumanne tarehe 12, siku ya 7. Amemaliza. Mbwa aliyeng'ata tarehe 4 anaangaliwa hadi Alhamisi tarehe 14. Mtoto anamaliza kabla ya mbwa, kwa hiyo hoja ya "tungoje tuone mbwa" haina nafasi. Kituo kinachochoma kwenye msuli huongeza sindano ya nne kati ya siku ya 14 na 28. Mbwa akiwa mzima tarehe 14, daktari anaweza kuisimamisha hiyo. Ukikosa siku, nenda kesho yake na uendelee ulipoishia, hakuna kuanza upya.

Hatua ya 4: Mbwa afungwe, asiuawe

Mbwa hutoa kirusi kwenye mate siku chache kabla ya kuugua na wakati anaumwa. Kwa hiyo aliyekuwa na kirusi mateni siku ile ya kung'ata, ndani ya siku 10 ataonyesha au atakufa. Ukimuua siku ya kwanza, umepoteza jibu hilo. Kipimo hiki ni cha mbwa na paka tu.

Afungwe kwa mnyororo imara au ndani ya banda, chakula na maji visukumwe kwa fimbo. Kila asubuhi mtazame: anakula? Sauti ya kubweka imebadilika? Anatafuna mawe na miti? Miguu ya nyuma inaburuta? Wa hatari zaidi ni yule mpole aliyelegea taya, mate yanatiririka. Watu hudhani amekabwa na mfupa, wakaingiza mkono mdomoni. Usifanye hivyo.

Kwa mfano wetu wa Rungwe, mbwa akiugua, akifa au akitoroka kabla ya tarehe 14, mpigie afisa mifugo wa kata na uwaarifu waliomchanja mtoto siku hiyo hiyo. Kama kingamwili haikutolewa, na bado ni tarehe 12 au kabla, ndio muda wake. Mzoga usikatwe wala kuchunwa nyumbani. Uwekwe kivulini, maana joto na kuoza huharibu sampuli ya ubongo, na afisa mifugo ataipeleka maabara ya veterinari, ambayo kwa kanda hii ipo Iringa. Akiwa mzima tarehe 14 jioni, mfungueni, achanjwe kichaa, na kadi yake itunzwe. Kadi hiyo hupunguza wasiwasi siku akimng'ata mwingine, ila haimwondolei aliyeng'atwa safari ya kituoni.