Kabla ya Kufungua Tangi la Molasi: Neno Lipi Likae Juu ya Tangazo

Anayeandaa tangazo la usalama la kubandikwa kwenye tangi la molasi, tuseme katika kiwanda cha sukari huku Busoga, huwa na neno moja mkononi, nalo ni «hatari», ambalo hulitumia kwa sakafu inayoteleza na kwa hewa inayoua vilevile. Wafanyakazi wakishalizoea haliwashtui tena. Kabla ya kuandika lolote, madhara yapangwe kwa kufuata saa: linaloua sasa hivi litangulie, na linalosubiri lishuke chini.

Juu kabisa, kwa herufi kubwa nyekundu, aandikiwe mtu ambaye roho ya mwenzake iko hatarini dakika hiyo hiyo, kwa sababu ameshaanguka ndani. Msomaji huyo hana nafasi ya kusoma aya nzima. Anahitaji maneno machache: USIMFUATE NDANI. PIGA KENGELE. MVUTE KWA WINCHI. Katika ajali za namna hii, mara nyingi maiti ya pili ni ya yule aliyeshuka kuokoa. Amri hiyo, hata hivyo, haitekelezeki ikiwa aliyeanguka hakufungwa mkanda wa mwili na kamba kabla hajashuka, wala ikiwa mlinzi wa mdomoni ameondoka kwenda kunywa chai.

Chini yake ndipo panapofaa neno «hatari» lenyewe, yaani hali ya mtu anayetaka kuingiza kichwa. Molasi inayochacha hutoa hewa ukaa, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hutuama chini bila rangi. Kwa hiyo hewa ipimwe juu, katikati na chini kwa kuteremsha mpira wa kipimo, na aliye na kipimo abaki nje. Hapa pana kosa ambalo hata mafundi wazoefu hulifanya, nalo ni kutegemea kipimo cha oksijeni peke yake. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, hewa ukaa ikijaza asilimia 5 ya tangi, oksijeni hushuka hadi kama asilimia 19.9 tu, na kipimo kilichotegwa kulia chini ya asilimia 19.5 hukaa kimya. Lakini hewa ukaa ikifika asilimia 4 tayari huhesabiwa kuwa ya kutishia uhai. Vipimo vya kawaida vya hewa za aina nne havipimi hewa ukaa, hivyo tangazo litaje wazi kwamba kipimo cha hewa hiyo ni lazima. Mshumaa unaowaka si ushahidi wa chochote.

Ngazi ya tatu ni ya neno «tishio», nalo linahusu saa na siku zijazo. Molasi nzito huchacha kwa shida, kwa kuwa wingi wa sukari huinyima hamira nafasi ya kustawi. Mambo hubadilika mabaki yanapooshwa kwa maji siku ya Ijumaa, tangi likafunikwa, na watu wakarudi Jumatatu. Dalili zake ni povu na harufu inayokaribia ile ya malwa, ingawa pua haiwezi kumwambia mtu hewa ukaa imefika kiasi gani. Tangazo liachiwe nafasi ya kuandika kwa chaki siku na saa maji yalipoingia. Kwa maoni yangu nafasi hiyo ina faida kuliko picha ya fuvu.

«Kihatarishi» ni mabaki ya molasi yenyewe, ambayo yapo hata tangi likiwa limefungwa na kiwanda kimelala. Mstari mmoja unatosha. Ila maana ya neno iandikwe, maana wakaguzi wa hesabu wana matumizi yao tofauti ya neno hilo hilo.

Mwisho ni uwezekano wa kudhurika, ambao hauna saa yake kwa sababu ni hesabu, na mahali pake ni kwenye fomu ya tathmini inayoambatana na kibali cha kuingia. Tuseme uwezekano umepewa 4 na ukali wa madhara 5, jumla kwa kuzidisha ni 20. Feni ya kupuliza hewa safi ikiwashwa, uwezekano unaweza kushuka hadi 2, na hesabu ikawa 10. Ukali unabaki 5, kwa kuwa feni ikizimika hewa huua vilevile. Kwa sababu hiyo feni isizimwe mtu akiwa ndani, na kipimo kiendelee kuning'inia kifuani mwake, maana koleo likikoroga tope la chini, mapovu yaliyonaswa humo hupasuka na kuachia hewa ukaa upya.