Kodi ya mwenye chombo anayelipa mabaharia kwa mgao (Kenya)

Mwongozo huu ni wa mwenye mashua anayeuza samaki kwa jina lake mwenyewe, mauzo yake ya mwaka yakiwa kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25. Kodi yake ya kawaida ni ya mauzo, 3% tangu Julai 2023.

Hatua ya 1. Ingia iTax kwa PIN yako, ongeza wajibu wa Turnover Tax.

Hatua ya 2: andika bei yote kabla hakijakatwa kitu. Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika. Tajiri, yaani mnunuzi wa samaki aliyekukopesha petroli, hukata chake kwanza, kisha anatuma kilichobaki. Ukijumlisha M-Pesa pekee, umetangaza mauzo pungufu. Tuseme umemuuzia kilo 40 kwa shilingi 300: hiyo ni 12,000. Akikata 3,500 za petroli na barafu, unapokea 8,500. Mauzo ni 12,000; zile 3,500 ni gharama ya safari. Tumia daftari gumu lenye safu za tarehe, kilo, bei, kilichokatwa na kilichopokelewa, na nahodha atie sahihi kila mnapotua. Usitegemee simu peke yake, kwa kuwa haionyeshi kilichokatwa.

Hatua ya 3: gawanya, na mkubaliane mapema kodi inatoka wapi. Chukua mwezi wa mauzo ya 300,000. Toa petroli, barafu na chakula, 100,000. Zinabaki 200,000: nusu ya chombo, nusu ya mabaharia. Kodi ni 9,000, kwa sababu 3% haipunguzwi na gharama wala mgao. Ukiilipa kutoka fungu la chombo, imekula 9% ya fungu lako. Ikitolewa pamoja na petroli kabla ya kugawa, kila upande unabeba 4,500. Anayedaiwa na KRA ni wewe kwa vyovyote, kwa hiyo mabaharia wajue kabla ya kushuka baharini, si siku ya mgao.

Hatua ya 4. Wasilisha na ulipe kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Upepo wa kusi ukikuzuia mwezi mzima, wasilisha sifuri.

Hatua ya 5: pima kama kodi hii inakufaa. Unaweza kumwandikia Kamishna ukaomba kuhamia kodi ya mapato ya kawaida, inayotozwa kwenye faida. Kwa mauzo yale yale ya 300,000, ukibaki na 70,000 baada ya matengenezo, kodi ya kawaida ni kama 13,400 kwa mwezi baada ya nafuu ya 2,400. Hapo baki kwenye 3%. Faida ikishuka chini ya takriban 55,000 kwa mwezi, kwa mfano mwaka wa kununua nyavu mpya kila mara, kodi ya kawaida huwa nafuu. Lakini huko gharama isiyo na ankara ya eTIMS, ankara ya kielektroniki ya KRA, inaweza kukataliwa, na petroli ya kupimiwa kwa madumu mara nyingi haina ankara hiyo. Bila karatasi ya mgao yenye jina, kiasi na sahihi ya kila baharia, zile 100,000 zao nazo zinaweza kuhesabiwa kuwa faida yako.