Kuingia kwenye maongezi ya chama

Kwenye chama chetu huku Kayole, ukingoja kimya ndipo uongee, mkutano utaisha hujasema neno. Mimi husubiri sauti ya msemaji ishuke mwisho wa sentensi, kisha nadaka neno lake. Juzi mweka hazina alisema, "...kwa hivyo faini ibaki mia mbili." Nikaingia: "Hapo kwa faini, mama, naomba niongeze kidogo." Akaniachia. Ningeanza na "Lakini", angepandisha sauti tu.

Ikibidi umkatize katikati, labda ametaja tarehe isiyo sahihi, sema "Samahani nikukate kalima", toa hilo moja, halafu mrudishie: "Endelea, ulikuwa umefika kwa mkopo." Hapo pa kumrudishia ndipo wengi husahau, na wazee huudhika kweli.