Zoezi la darasani: kiwango cha pembezoni na kiwango cha wastani cha kodi ya mshahara

Zoezi hili nimelitayarisha kwa wanafunzi wa uchumi na biashara wa kidato cha tano na cha sita, nalo linatosha kipindi kimoja chenye urefu wa kawaida. Linatumia viwango vya kodi ya mishahara, maarufu kama PAYE, vya Tanzania Bara vilivyoanza kutumika Julai 2021, wakati kiwango cha chini kiliposhushwa kutoka asilimia 9 hadi 8. Kiasi kinachoingizwa kwenye jedwali ni mshahara wa mwezi baada ya kuondoa mchango wa mfanyakazi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii.

Hatua ya kwanza: andika jedwali bila safu ya kodi iliyokwisha kujumlishwa.

| Sehemu ya mshahara kwa mwezi (shilingi) | Kiwango |
|---|---|
| 0 hadi 270,000 | 0% |
| Inayozidi 270,000 hadi 520,000 | 8% |
| Inayozidi 520,000 hadi 760,000 | 20% |
| Inayozidi 760,000 hadi 1,000,000 | 25% |
| Inayozidi 1,000,000 | 30% |

Jedwali linalotolewa na TRA huandika daraja la nne hivi: shilingi 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kiasi kinachozidi 760,000. Kwa mhasibu hiyo ni njia ya mkato nzuri, lakini mwanafunzi anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani kwamba 68,000 ni ada ya kuingilia daraja hilo. Kwa hiyo ni afadhali safu hiyo wanafunzi waijenge wenyewe: 250,000 kwa asilimia 8 ni 20,000, 240,000 zinazofuata kwa asilimia 20 ni 48,000, jumla 68,000. Wakishaipata kwa mikono yao, wataelewa kwamba ni kodi ya madaraja ya chini tu, ambayo kila aliyeyapita ameilipa.

Hatua ya pili: waache wakosee. Waambie kuwa mfanyakazi mwenye mshahara unaotozwa kodi wa 750,000 ameongezewa 50,000, akafikia 800,000, kisha uwaulize atabaki na kiasi gani kabla na baada ya nyongeza. Wengi watazidisha mshahara wote kwa kiwango cha daraja alilomo, yaani asilimia 20 ya 750,000 ni 150,000, na asilimia 25 ya 800,000 ni 200,000. Kwa hesabu hiyo mtu huyu anabaki na 600,000 kabla na 600,000 baada, kana kwamba nyongeza yote imemezwa na kodi. Nimechagua tarakimu hizi makusudi ili upuuzi huo uonekane ubaoni kabla mwalimu hajausahihisha.

Hatua ya tatu: kokotoeni upya kwa vipande.

```
750,000:  0 + 20,000 + 20% x 230,000
        = 20,000 + 46,000 = 66,000
800,000:  0 + 20,000 + 48,000 + 25% x 40,000
        = 68,000 + 10,000 = 78,000
```

Kabla ya nyongeza anabaki na 684,000, na baada yake 722,000. Katika zile 50,000 amelipa kodi ya 12,000 na kubakiwa na 38,000.

Hatua ya nne: tafuteni viwango viwili. Kiwango cha wastani ni kodi yote ikigawanywa kwa mshahara wote unaotozwa kodi: 66,000 kwa 750,000 ni asilimia 8.8, na 78,000 kwa 800,000 ni asilimia 9.75. Kiwango cha pembezoni ni kile kinachotozwa shilingi inayofuata tu, nacho kimepanda kutoka asilimia 20 hadi 25. Hapa mwanafunzi makini atauliza kwa nini 12,000 kwa 50,000 ni asilimia 24, wala si 20 wala 25. Usilipite swali hilo haraka. Nyongeza imevuka mpaka: 10,000 za kwanza zimetozwa asilimia 20, sawa na 2,000, na 40,000 zilizobaki asilimia 25, sawa na 10,000.

Hatua ya tano: jaribio la mpaka. Mwanafunzi akitaka kujua kama njia yake ni sahihi, akokotoe kodi ya 760,000 na ya 760,100. Kwa njia sahihi, kodi hupanda kutoka 68,000 hadi 68,025. Ikiruka kutoka 152,000 hadi 190,025, basi bado anautoza mshahara wote kwa kiwango kimoja.

Kwa kazi ya nyumbani, wape mshahara wa 10,000,000. Kodi yake ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya 9,000,000, yaani 2,828,000, na wastani wake ni asilimia 28.28. Kisha waeleze kwa maandishi kwa nini wastani huo, hata mshahara ukue kiasi gani, utaisogelea asilimia 30 bila kuifikia. Jibu linalokubalika ni lile linalotaja ule mshahara wa chini uliotozwa asilimia 0, 8, 20 na 25, ambao haupotei katika hesabu hata kama sehemu yake inazidi kuwa ndogo.