Tiketi ya tamasha kwa Kiarabu: msimbo wa kiti usigeuke

Ukimtafsiria mgeni wako picha ya tiketi kwa Kiarabu, tafsiri majina ya sehemu peke yake, yaani lango, safu, kiti na saa, kisha nakili misimbo herufi kwa herufi kama ilivyochapwa. Tatizo ninalolikuta mara nyingi ni kwamba kiti 14-H, kikiandikwa mstari mmoja na neno la Kiarabu, huonekana kwenye skrini kama H-14, kwa sababu maandishi hayo husomwa kuanzia kulia na kistari hufuata mwelekeo huo. Basi weka kila msimbo kwenye mstari wake:

```
البوابة
C2
الصف
H
المقعد
14-H
الساعة
19:30
```

Nambari zibaki 14, zisiwe ١٤, ili zilingane na kibao cha ukumbini. Saa nayo iache 19:30. Sisi tuliozoea kusema saa moja na nusu usiku huweza kuandika 1:30 bila kukusudia, na mgeni akaielewa kuwa saa saba na nusu. Kabla ya kutuma, kuza picha uhakikishe kama ni herufi O au sifuri.