Jinsi ya Kuomba Uthibitisho wa Kodi ya Nyumba Uliyolipa Benki

Mpangaji anasema amelipa, mwenye nyumba anasema hajaona kitu. Mara nyingi hakuna anayedanganya: pesa ilitoka, ikakataliwa huko ilikokwenda kwa sababu namba ya akaunti ilikosewa, ikarudi siku kadhaa baadaye na hakuna aliyeangalia. Ndiyo maana meseji ya benki au picha ya skrini haimalizi ubishi. Inaonyesha tu kwamba agizo lako lilipokelewa.

Anza kwa kuomba benki taarifa rasmi ya akaunti, yenye muhuri. Usiombe ya siku moja. Ianzie siku chache kabla ya tarehe ya malipo na ifike angalau wiki mbili baada yake.

Ikishatoka, tafuta mstari kwa kiasi, si kwa jina, maana majina hukatwa au kufupishwa. Kisha endelea kusoma kwenda chini. Tuseme salio lilikuwa 2,150. Tarehe 3 zimetoka 800, kumbukumbu namba K4471, salio 1,350. Tarehe 7 zimeingia 800, kumbukumbu ileile. Hapo kodi haijalipwa, ingawa aliyechapisha taarifa yake tarehe 5 angeweza kuapa kwamba amelipa. Piga pia hesabu ya salio mstari kwa mstari. Likiruka bila sababu, kuna mstari uliokosekana au karatasi imechezewa.

Kama pesa haikurudi, andikia benki yako barua ya kuomba malipo yafuatiliwe. Taja tarehe, kiasi, akaunti iliyotumwa na namba ya kumbukumbu kama ilivyo, herufi kwa herufi (sifuri na herufi O zimeshawapoteza wengi). Uliza mambo matatu: je, pesa iliingizwa kwenye akaunti ya mpokeaji, lini, na kwa kumbukumbu gani upande wa pili? Swali la mwisho ndilo husahaulika. Benki mbili zinaweza kuandika namba tofauti kwa malipo yaleyale, kwa hiyo mwenye nyumba anaweza kuitafuta K4471 kwenye taarifa yake asiione, na bado pesa ikawa imeingia.

Benki ya mwenye nyumba haitakupa wewe taarifa yake. Mwombe kwa maandishi aitoe mwenyewe, ya kipindi kilekile. Akitaka kuficha mistari mingine aifiche, ila mstari unaobishaniwa, tarehe na jina la akaunti vibaki vinasomeka.

Kwa mshahara njia ni hiyohiyo, isipokuwa taarifa ya mwajiri huenda ikaonyesha mstari mmoja wa jumla kwa wafanyakazi wote. Mstari huo peke yake hauthibitishi kwamba wewe umelipwa. Omba orodha ya malipo iliyopelekwa benki siku hiyo, hakikisha jumla yake inalingana na mstari ule, kisha linganisha namba ya akaunti iliyo mbele ya jina lako na ya kwako halisi.